Wilaya Moja Kati ya Sita

Mtafiti mmoja alipima mradi wa lishe ulioendeshwa katika wilaya moja, akailinganisha na wilaya tano zisizo na mradi. Watu waliohojiwa walikuwa maelfu, idadi sawa kila wilaya. Simtaji, na tarakimu nimezirahisisha. Wastani wa wilaya tano ulikuwa 2, 3, 4, 5 na 6. Wa wilaya yenye mradi 8. Tofauti ni 4. Kosa sanifu lililozingatia wilaya likampa t ya takriban 5.8, akafurahi. Nani kati yetu asingefurahi?

Ishara ya kwanza ya hatari ilikuwa hiyo t yenyewe. Wilaya iliyo peke yake upande wa mradi hukadiriwa kwa wastani wake wenyewe, hivyo masalio yake yakijumlishwa ni sifuri na haichangii chochote kwenye kosa sanifu. Kilichopimwa ni mtawanyiko wa zile tano tu.

Akashauriwa atumie waildi butstrapu, njia ambayo Cameron, Gelbach na Miller waliipendekeza mwaka 2008 kwa data zenye makundi machache. Masalio ya kila wilaya huzidishwa kwa 1 au -1, t hukokotolewa upya, kisha ile ya awali hulinganishwa nazo. Kwa wilaya sita michanganyiko ni 64 tu. Hata ukiagiza marudio 9,999, utazungushwa mle mle.

Aliendesha `boottest` kwa chaguo la `nonull`, yaani bila kulazimisha dhana kwamba mradi hauna athari. Thamani ya p ikatoka 0.000. Alipoilazimisha dhana hiyo, michanganyiko 10 kati ya 64 iliipita t yake: p ikawa 0.16. Akachagua ya kwanza.

Hapo ndipo pa kusikitikia. MacKinnon na Webb walikwisha kuonyesha mwaka 2017 kwamba makundi yenye mradi yakiwa machache mno, namna isiyolazimisha dhana hukataa ovyo, na inayolazimisha karibu haikatai kamwe. Majibu mawili yakipishana hivyo, usichague linalokupendeza. Yote mawili yamepoteza mizani. Angechora t za namna ya pili angeona vilima viwili, na kati ya -3 na 3 hakuna hata moja, kwa sababu salio kubwa la wilaya ya mradi huziburuta zote mbali na sifuri.

Tujiulize swali jepesi zaidi: kama mradi usingefanya chochote, wilaya hii ingeongoza sita kwa bahati mara ngapi? Moja kwa sita, karibu 0.17. Hata wastani wake ungekuwa 80, jibu lingebaki hilo. Basi ndugu msomaji, kabla ya kuagiza marudio, hesabu wilaya zilizopata mradi, na ikiwa ni moja kati ya sita, andika wazi kwenye ripoti kwamba data hizi haziwezi kufikia asilimia 5.