Tarehe Iliyo Nyuma ya Vidonge

"Mwanangu, hivi vimekuwa sumu?"

Ilikuwa jioni, watu wakishuka ferini Likoni na kupitia kemisti kabla ya kwenda zao. Mama mmoja wa makamo aliniwekea ukanda wa parasetamoli juu ya kaunta. Tarehe yake ilikuwa imepita miezi mitatu. Alikuwa na kichwa kinamgonga, na hakutaka kununua kitu ambacho tayari anacho.

Jibu rahisi lilikuwa mdomoni: "Tupa, mama, ni sumu." Jibu hilo linanikinga, tena linaniuzia pakiti mpya. Tatizo ni kwamba si kweli, nami najua si kweli.

Tarehe ile ni ahadi ya kiwanda. Kabla ya kuuza dawa, wanaiweka kwenye vyumba vya joto na unyevu, kimoja hata nyuzi 40, kisha wanapima kila baada ya muda kuona dawa iliyobaki ni kiasi gani. Tarehe inasema: mpaka siku hii, kidonge kikiwa ndani ya pakiti yake na kikihifadhiwa kama tulivyoandika, tunakuhakikishia kina nguvu inayotakiwa. Baada ya hapo kiwanda kinanyamaza. Kunyamaza si kusema imekuwa sumu.

Jeshi la Marekani lilitaka kujua kuna nini ndani ya kimya hicho. Tangu 1986 dawa za maghala yake zilizokaribia tarehe zimekuwa zikipimwa upya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalihusu dawa 122 tofauti, na takribani asilimia 88 ya mafungu yaliyopimwa yaliongezewa angalau mwaka mmoja. Lakini zile ni dawa zilizokuwa ghalani, hazijafunguliwa, mahali penye hali ya hewa inayodhibitiwa. Si za kwenye kabati lililo juu ya jiko, huku kwetu ambako hata chumvi inalowa.

Basi nilimuuliza, "Ulikuwa ukiviweka wapi, mama?"

"Kwenye mkoba, mwanangu. Nikitoka navyo, nikirudi navyo."

Nilimjibu hivi: "Sumu havijawa. Pengine bado vinafanya kazi. Lakini vimepigwa na joto, kwa hiyo siwezi kukuhakikishia, na mimi sheria hainiruhusu kukuuzia vya namna hii."

Mwenzangu kaunta alinikemea baadaye. Kwake yeye, mteja hataki hadithi, anataka ndiyo au la, na "la" haijamuua mtu. Hoja yake ina uzito. Ziko dawa ambazo kubahatisha kwake ni hatari: kidonge cha kuweka chini ya ulimi moyo ukibana, insulini, dawa ya kifafa. Mwaka 1963 madaktari walieleza wagonjwa walioumia figo baada ya kumeza tetrasaiklini iliyoharibika. Na aspirini ikiingiwa na unyevu huvunjika, ukifungua chupa unasikia harufu ya siki. Kwa hizo mimi pia nasema "la", bila hadithi.

Ila mama yule ana jirani aliyemeza parasetamoli iliyoekspaya akalala vizuri. Nikimwambia ni sumu, kesho jirani atanifanya mwongo. Na mwongo haaminiwi siku anaposema kweli.

Siku hiyo haikuwa mbali. Alipokuwa akifunga mkoba alikumbuka kitu, akatoa chupa ya amoksilini ya maji. "Na hii ya mjukuu? Hii bado, ona, mpaka mwakani."

Kweli, karatasini ilikuwa ni mwakani. Nikauliza ilitiwa maji lini. Wiki tatu zilizopita, mtoto alipata nafuu ikabaki nusu, sasa kikohozi kimerudi. Friji hawana.

Tarehe ile ilikuwa ya unga mkavu. Ukishatia maji, saa nyingine inaanza kuhesabu: kwa nyingi ni siku saba mpaka kumi na nne, tena mahali pa baridi. Baada ya hapo dawa inavunjika, na mtoto anapewa utamu wenye dawa kidogo. Kidogo hicho hakiui vijidudu vyote. Vinavyobaki ni vile vigumu.

"Hii usimpe, mama. Hii ndiyo iliyoharibika. Mpeleke mtoto akapimwe, huenda hata haihitaji."

Aliniangalia, akaangalia vile vidonge, akaangalia chupa. Vyenye tarehe mbovu nimesema pengine, chenye tarehe nzuri nimesema hapana. Aliiacha chupa kaunta niitupe pamoja na dawa zetu za kuharibiwa. Vidonge akavirudisha mkobani.

Sijui kama alivimeza. Chupa aliniachia, na nadhani aliniachia kwa sababu ya vidonge.