Barua ya Mama na Kipande cha Sabuni

Je, mtoto anayetii maneno ya mzazi wake neno kwa neno amemtii kweli? Swali hili lilinijia nikiwa Kidato cha Kwanza, katika shule ya bweni karibu na Masaka, mbali sana na kwetu Arua. Simu zilikatazwa shuleni, kwa hiyo mama aliniandikia barua na kuiweka juu ya nguo ndani ya sanduku langu la bati. Aliiandika kwa Kiswahili, lugha aliyoizoea kambini marehemu baba alipokuwa askari.

Sehemu kubwa ya barua ilikuwa hesabu. "Mwanangu, mche wa sabuni nimeukata vipande sita. Muhula una wiki kumi na mbili, basi kila kipande ni cha wiki mbili. Usimkopeshe mtu. Sina fedha za kununua mwingine."

Wiki ya tatu, usiku, msichana aliyelala kitanda cha chini yangu aliniamsha. Hedhi ilikuwa imemjia ghafla, shuka limechafuka, naye hakuwa na sabuni. Nilimwambia mama amenikataza. Alifua kwa maji matupu. Asubuhi doa lilionekana kwenye kamba, na wenzetu wakacheka.

Nilijitetea moyoni kwa hoja ambayo hata leo siioni kuwa dhaifu. Sabuni ile ilitoka katika jasho la mama, aliyeuza karanga sokoni ili anilipie karo. Kugawa jasho la mwingine ni ukarimu rahisi, kwa kuwa anayegawa si yeye anayelipa. Tena, kama ningempa kila aliyeomba, ningemaliza muhula nikiomba mimi.

Lakini siku ya wazazi kututembelea nilimsimulia mama, nikitarajia sifa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Niliogopa wakubwa wasikunyang'anye. Sikumfikiria mtoto aliyechafukiwa usiku."

Hapo ndipo niliona kosa langu. Anayeandika barua huyaona mambo machache tu ya huko iendako. Mama aliweka katazo kwa sababu fulani, na sababu hiyo haikuwapo usiku ule. Hakuna mkubwa aliyeninyang'anya. Palikuwa na mwenzangu aliyeaibika. Mimi nilishika katazo na kuiacha sababu yake. Zaidi ya hayo, nililitumia jina la mama kukataa jambo ambalo yeye mwenyewe, angekuwapo, angelifanya.

Sisemi kwamba kila mtoto apime amri za wazazi kwa matakwa yake. Mtu hujidanganya upesi panapokuwa na faida. Ila pale ambapo kutii kunanifaa mimi na kumwumiza mwingine, napaswa kujiuliza kama kweli ninamtii mama au ninajificha nyuma yake.

Nilimpelekea yule msichana kipande kizima cha sabuni. Alikipokea, akasema, "Yamekwisha." Tulilala kitanda cha juu na cha chini hadi mwisho wa mwaka, na hakuniomba kitu tena.