Mtoto Asipoonekana, Anza na Maji

Wanangu mnaolea watoto wadogo Bukoba na Muleba, hofu yetu sote iko ziwani. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, kilio kiliingia nyumba nyingi za mkoa huu, na tangu hapo hatuchoki kuwaonya vijana wanaovuka kwenda visiwani. Lakini mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu hafiki ziwani peke yake. Maji ya kumwua yako uani, hatua chache kutoka jikoni.

Anzeni na ndoo ya lita 20. Ukingo wake unamfikia tumboni mtoto anayejifunza kutembea. Anaona kikombe kinaelea, anainama kukichukua. Kwa umri huo kichwa ni kizito kuliko miguu, hivyo anatangulia kichwa. Ndoo tupu ingeanguka naye akalia, mkamsikia. Ndoo yenye lita kumi ina uzito wa kilo kumi, karibu sawa na wake, kwa hiyo haitikisiki. Miguu iko juu, mikono haina nguvu za kumsukuma atoke, na mdomo umo majini, kwa hiyo hakuna sauti. Dakika mbili zinatosha kumpotezea fahamu. Zikipita nne au tano, ubongo unaanza kuharibika. Huo ni muda wa kwenda kuanika nguo na kurudi. Maji ya kina cha sentimita tano tu yanaweza kufunika pua na mdomo, kwa hiyo msilidharau beseni la kufulia.

Mkimaliza kufua, mwageni maji palepale na mfudikize ndoo. Maji mnayoyahitaji yahifadhini kwenye dumu lenye mfuniko wa kuzungusha.

Pipa la mvua chini ya gata ni kazi ngumu zaidi, maana huku mvua ni nyingi na hakuna anayetaka kumwaga maji hayo. Lifunikeni kwa mfuniko mgumu uliofungwa kwa waya au mpira. Gunia au kipande cha bati kilichowekwa juu tu ni hatari kuliko kuliacha wazi, maana mtoto hulala juu yake nacho kikazama naye. Ondoeni pia tofali, stuli na ndoo zilizo jirani, kwa sababu hizo ndizo ngazi zake. Na msimu wa senene, mwezi wa Novemba na Desemba, mapipa ya mtego huachwa nje yamesimama chini ya mabati hadi asubuhi. Mvua ikinyesha usiku yanajaa. Mkishavuna, yalazeni.

Kisima kilicho wazi kinataka ukuta unaomzidi mtoto kimo, pamoja na mfuniko mzito wenye kufuli. Majani ya migomba na vijiti juu ya shimo ni mtego. Kuhusu hodhi la kuogea, walio nalo ni wachache, nami nasema moja tu: simu ikilia, mtoe mtoto majini uende naye.

Msimwachie mtoto wa miaka sita kazi ya kumchunga mwenzake wakati ninyi mko kibanjani. Hana akili ya kukaa macho saa nzima, na si haki kumbebesha kifo. Vijijini Bangladesh, watoto wadogo hukusanywa asubuhi kwa mama mmoja aliyefunzwa hadi saa saba mchana, wazazi wakiwa kazini, na vifo vya maji kati yao vilipungua sana. Kina bibi wa nyumba tatu jirani wanaweza kupeana zamu hiyo huku pia.

Sasa sikilizeni hili. Mtoto asipoonekana, msianze kumwita migombani wala kwenda kwa jirani. Tazameni ndoo, pipa na kisima kwanza.

Mkimkuta hapumui, msimning'inize kichwa chini wala msimkamue tumbo. Mnapoteza muda na matapishi yanaingia mapafuni. Mlazeni chali mahali pagumu, inueni kidevu, mbaneni pua, mpulizieni pumzi tano mpaka kifua kiinuke. Kama hajatimiza mwaka, funikeni mdomo na pua kwa mdomo wenu. Asipozinduka, kandamizeni katikati ya kifua kwa kiganja kimoja, au kwa kichanga vidole gumba viwili huku mikono ikimzunguka kifua, kina cha theluthi moja ya kifua, mara 30 kwa haraka, kisha pumzi mbili. Rudieni bila kukoma huku mwingine akitafuta usafiri. Hata akilia na kuomba maziwa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, iwe ya mkoa Bukoba, Rubya au Ndolage, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuzidiwa saa chache baadaye.

Leo jioni, kabla hamjafunga milango, zungukeni uani na mmwage kila chombo kilichobaki na maji bila mfuniko.