Kiongozi Yuko Ngeli Gani?

Nilikuwa nimeketi nje ya duka la mama, hapa Kanyakine, laptopu magotini, nikihariri tangazo la mtu ambaye hadi leo hajanilipa. Msichana wa jirani akapita na daftari. Yuko Fomu 3. Akaniuliza swali moja tu: "Kaka, kiongozi ni ngeli gani?"

Sikufikiria hata sekunde mbili. "KI-VI," nikasema. "Si unaona? Kiongozi, viongozi." Akashukuru, akaandika, akaenda zake.

Wiki iliyofuata alirudi na karatasi ya mtihani wa darasa. Jibu langu lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu. Hakunilaumu. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Mwalimu amesema ni A-WA." Ilikuwa alama moja tu, lakini niliona aibu isiyolingana kabisa na alama moja. Jambo lililonichoma zaidi ni kwamba sikuwa nimedanganya. Jibu langu lilikuwa sahihi, ila halikuwa sahihi kwake.

Ngoja nieleze, maana hapo ndipo swali langu lilipo.

Ngeli ni makundi ya nomino. Watu wote wanaosomesha Kiswahili wanakubaliana hapo. Wanapoachana ni kwenye kipimo: unaligawa neno kwa kuangalia nini? Unaweza kuangalia umbo la nomino yenyewe. Kiongozi linaanza na ki-, wingi wake vi-, kwa hiyo linaingia KI-VI pamoja na kijiko na kitabu. Wasomi wanakiita kigezo cha kimofolojia. Ni njia ya zamani; E. O. Ashton aliitumia katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1944, ndiyo maana kuna watu wanaosema M-WA, M-MI na kadhalika.

Au unaweza kuacha nomino na kuangalia kitenzi kinachoifuata. Weka neno kwenye sentensi: "Kiongozi amefika. Viongozi wamefika." Linganisha na "Kijiko kimeanguka. Vijiko vimeanguka." Kijiko kimechukua ki- na vi- kwenye kitenzi. Kiongozi amekataa, amechukua a- na wa-, kama mtu, kwa sababu ni mtu. Hiki ni kigezo cha kisintaksia. Shule za Kenya hutumia hiki, na ndiyo sababu ngeli zetu zinaitwa A-WA, U-I, LI-YA, I-ZI. Majina hayo yametoka kwenye vitenzi, si kwenye nomino. Kwa kipimo hiki kiongozi, kipofu, kifaru na kipepeo wote ni A-WA, hata wakivaa ki- mbele.

Mimi nilikuwa nimeyasoma haya yote. Kabla sijaacha chuo, mwaka wa pili, tulifundishwa hata njia ya tatu: ya namba, inayotumiwa na wataalamu wa lugha za Kibantu, ambapo mtu ni ngeli ya 1 na watu ni ya 2, kitabu ni ya 7 na vitabu ni ya 8. Kwa hiyo nilikuwa na majibu matatu kichwani, nikachomoa lililokuwa karibu. Na nikiwa mkweli, nilichomoa haraka kwa sababu nilitaka aone kwamba chuo hakikunipita bure. Swali lilikuwa lake, lakini jibu lilikuwa langu, la kujitetea.

Sasa ona kilichofuata. Miezi kadhaa baadaye, rafiki yangu aliyehamia Arusha alinitumia swali la mdogo wake kwenye Watsapu: kipofu ni ngeli gani? Nikasema moyoni, hapa sidanganyiki tena. Nikajibu A-WA kwa herufi kubwa, na maelezo marefu kuhusu kitenzi. Kesho yake akaniambia kwamba swali lilikuwa limetaka kigezo cha kimofolojia. Jibu lilikuwa KI-VI. Kule Tanzania wanafunzi wa sekondari hufundishwa vigezo vyote viwili, na mtahini anaweza kutaja anachotaka. Hata kwa kigezo cha kitenzi, vitabu vyao vingi huandika YU/A-WA, si A-WA. Mara ya kwanza nilikosa kwa kusahau Kenya. Mara ya pili nilikosa kwa kukumbuka Kenya peke yake.

Ndipo nikaanza kujiuliza: mtu anayeulizwa ana deni gani kwa anayeuliza? Nilikuwa nadhani ni ukweli tu. Sema ukweli, kazi imeisha. Lakini hapa ukweli ulikuwa zaidi ya mmoja, na kila mmoja una makao yake. Kumpa mtoto ukweli wa nyumba nyingine ni kama kumpa ufunguo mzuri usiofungua mlango wake.

Rafiki mmoja alinipinga. Akasema, si umpe yote matatu, achague? Inaonekana kama ukarimu, lakini huyo msichana ana mstari mmoja wa kujibu, na hajui lipi ni lake. Ukimrundikia majibu unamrudishia kazi ambayo wewe ndiwe unaiweza. Na kama angejua la kuchagua, asingekuuliza.

Kwa hiyo siku hizi mimi huuliza kwanza. Uko darasa gani? Unasomea nchi gani? Na la tatu, ambalo ndilo husaidia zaidi: hebu nionyeshe swali lenyewe, na mfano mmoja mwalimu alioandika ubaoni. La tatu ni la lazima kwa sababu hata kusema "Kenya" hakutoshi kwa sasa. Mtaala wa 8-4-4, ulioanza 1985, bado haujamaliza wanafunzi wake, na ule wa umilisi, ulioanza 2017, umeshafika sekondari. Nyumba moja hapa kijijini inaweza kuwa na mmoja wa Fomu na mwingine wa Gredi. Ukiona daftari lina A-WA na U-I, umejua uko wapi. Ukiona M-WA na M-MI, au neno "kigezo", punguza mwendo.

Kuuliza huku pia kuna mipaka. Mtu akikuuliza wingi wa kiongozi, usimuulize nchi. Ni viongozi, Meru hata Zanzibar. Kuna watu wanaouliza maswali ili wasijibu, na huo ni uoga tu. Mimi hujipima hivi: je, jibu lake likibadilika, langu litabadilika? Kama halitabadilika, najibu na kunyamaza.

Na baada ya kumpa jibu la darasa lake, humwambia kuna jingine. Yule msichana alirudi tena, safari hii na neno kitoto. Nikamwambia aliweke kwenye sentensi. Akasema, "Kitoto kinalia." Akasita. "Lakini si ni mtu?" Nikamwambia ni mtu, lakini tumemfanya mdogo, na kitenzi kimefuata udogo. Hapo Kenya wataandika KI-VI.

Alicheka. Akaniuliza kama mwalimu wake atakubali. Nikamwambia anionyeshe kwanza swali limeandikwaje.