Usitunge siku ya kuumia

Mura, keti. Nimeshawaambia wenzako haya, nawe nitakwambia taratibu, maana naona unaitazama ile nafasi ya "tarehe ya ajali" kwenye fomu ya dai kama mtu anayetafuta cha kujaza.

Usitunge. Ukiandika kwamba uliteleza tarehe 14 Agosti ukaumia kiganja, wataulizwa uliokuwa nao zamu siku hiyo, na hakuna aliyekuona ukianguka. Daftari la zamu litaonyesha ulifua mpaka jioni. Picha ya eksirei itatoka safi. Maumivu yako ni ya kweli, lakini maelezo yatakuwa ya uongo, na dai litaanguka pamoja nayo.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 haizungumzii ajali tu. Inatambua pia ugonjwa unaotokana na kazi. Kwa hiyo mwambie mwajiri wako kwamba taarifa unayotoa ni ya ugonjwa, ili isipelekwe kwa Mfuko wa Fidia kama ajali.

Kisha eleza kilichobadilika. Kambi yenu kule geti la Ikoma ilikuwa na mashine ya kukamulia nguo. Iliharibika msimu wa wageni ulipopamba moto, na tangu hapo mashuka mmekuwa mkiyasokota kwa mkono. Andika hivyo: mashine ilisimama lini, mashuka mangapi kwa siku kabla na baada, mnasokota watu wangapi. Andika: "Hakuna tukio moja. Wiki ya kwanza kiganja kilichoka jioni. Wiki ya tatu kiliuma nilipoinua ndoo. Wiki ya tano nilishindwa kufungua mfuniko wa chupa." Kama siku za mapumziko kilipoa na uliporudi kazini kikarudi kuuma, liandike hilo bila kukosa, kwa kuwa ndilo linalounganisha maumivu na kazi.

Onyesha mahali penyewe: upande wa kidole gumba, juu kidogo ya kiganja. Daktari atakuambia ukunje kidole gumba ndani ya ngumi, kisha uinamishe ngumi kuelekea kidole cha mwisho. Maumivu makali hapo yanaashiria kwamba ala ya kano imevimba. Lakini hawezi kujua kuhusu mashuka usipomwambia. Mwombe aandike kazi yako kwenye faili.

Na ng'ombe je? Najua nyumbani unakamua alfajiri. Usifiche. Andika unakamua wangapi na tangu lini. Ukiwa umekamua miaka yote bila kuumwa, na maumivu yakaanza baada ya mashine kusimama, maziwa hayatakuangusha. Wakiyagundua wenyewe ndipo yatakuangusha.

Weka tarehe tatu unazoweza kuzitetea: ulipohisi mara ya kwanza, hata ukisema "wiki ya kwanza ya Agosti", ulipomwambia msimamizi, na ulipoonwa na daktari. Toa nakala ya maelezo yako, na anayepokea atie sahihi na tarehe kwenye hiyo utakayobaki nayo. Yapeleke kesho asubuhi, kabla ya zamu.