Mwanangu, Ondoa Picha ya Mjane

Mwanangu, nimesoma tangazo la bima ya mazishi mnalotaka kubandika Kalundu na Mulongwe. Picha ya mjane anayelia, iondoe. Na yale maneno kwamba asiyejiunga atawaachia watoto aibu, yafute. Hapa Uvira majirani huleta mchango, kina mama hupika, vijana huchimba kaburi. Aibu iko wapi? Kinachobana familia ni siku ya kwanza. Sanduku linatakiwa, gari linatakiwa, wageni wamejaa, na daftari la mchango bado jeupe. Mtoto wa marehemu anazunguka kukopa badala ya kukaa na mama yake. Andika kwamba pesa yenu ni ya siku hiyo, basi. Mengine ni ya ukoo.

Kisha weka hesabu. Tuseme nyumba inalipa dola 2 kwa mwezi, na ikifiwa inapewa 300. Asiyefiwa kwa miaka 10 atakuwa ametoa 240, na hazirudi. Liandike waziwazi, maana watu wetu wamezoea likelemba, ambako zamu yako itafika tu, na AVEC, ambako mwisho wa mzunguko mnagawana akiba. Usipowaambia mapema, watasema mmewaibia, na sitawalaumu. Kama kuna miezi 3 ya kungoja, iandike pembeni ya zile dola 300, kwa herufi za ukubwa uleule: aliyejiunga Januari akafiwa Februari hapati kitu.

Ninalolihofia zaidi ni mbalamwezi. Wavuvi wetu huvua ndagala kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukijaa, mitumbwi hulala ufukoni na mfukoni hamna kitu. Kampuni ikidai tarehe ileile kila mwezi, mara itaangukia giza, mara itaangukia mwanga. Ikiwa anayechelewa anafutwa, mvuvi atafutwa hata kama amelipa miaka mitatu. Rudi kwa waliokutuma, waombe siku 30 za kumngoja aliyechelewa, na ziandikwe kwenye tangazo. Wakikataa, karatasi yao wasiilete Kalundu.

Waambie watu pia nani anapokea. Mjane na wakwe zake hugombania pesa hata kabla ya maziko, kwa hiyo kila anayejiunga aandike mwenyewe jina la mpokeaji, awe mke, awe dada. Taja karatasi inayotakiwa na saa ngapi zitapita kabla pesa haijatoka. Ikichukua wiki mbili, itawakuta wafiwa wameshazika. Na jina la kampuni lionekane pamoja na kibali chake cha ARCA, kwa sababu tangu sheria ya Machi 2015 ilipoondoa ukiritimba wa SONAS, si kampuni moja tu inayoweza kuuza bima.

Mkiwa tayari, gaweni karatasi sokoni au baada ya misa. Kwenye matanga msizipeleke. Huko nendeni na mchango wenu kama majirani wengine, na fulana za kampuni mziache nyumbani.