Macho Hayana Pazia, Picha Je?

Chukuliwe mfano wa kijana aliyesimama katika Soko la Majengo, jijini Dodoma, akampiga picha dada yake nyuma ya tenga la zabibu. Anataka kuituma mtandaoni ili wateja waione bidhaa. Anapoitazama tena, anakuta wameingia watu watatu wasiojua lolote: mama anayepatana bei, mtoto mwenye sare ya shule, na mwanamume aliyeshika bahasha ya hospitali. Je, kijana huyu ana deni lolote kwa hao watatu?

Jibu la haraka ni kwamba hana. Sokoni ni mahali pa wote, na wahenga walikwisha sema kuwa macho hayana pazia. Lakini msemo huo unahusu macho, nayo macho yana adabu yake: amtazamaye mwenziwe sokoni, naye hutazamwa. Mwenye bahasha akihisi anaangaliwa mno, atageuka, atasogea, au atamkazia macho anayemwangalia. Picha huivunja sharti hiyo. Humtoa mtu machoni pa wapita njia wachache, ikamweka mbele ya umati asiouona, usiku na mchana, wala hana pa kugeukia. Aliukubali uso wake uonwe na soko. Hakuukubali uonwe na dunia. Katiba ya Tanzania, katika Ibara ya 16, inataka kila mtu aheshimiwe katika nafsi na maisha yake binafsi, na mwaka 2022 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hata hivyo, kijana wa Majengo hapaswi kungoja askari ili aione haki ya jirani yake.

Basi na akate. Atapunguza kingo za picha, na yule mama aliye pembeni atatoka mzima. Mtoto, aliyesimama nyuma kabisa ya bega la dada, hatoki kwa kukata. Uso wake hauna budi kufunikwa kwa rangi nzito isiyopenya. Kuutia ukungu hakutoshi sana, kwa maana ukungu hafifu huacha umbo, na anayemfahamu mtoto atamtambua. Tena uso si kitu pekee kimtajacho mtu. Nembo ya shule kifuani ikibaki, mtoto amekwisha tajwa. Maandishi ya bahasha yakisomeka, ugonjwa wa mtu umekwisha tangazwa ijapokuwa kichwa chake hakipo.

Jambo la pili ni kwamba kilichokatwa machoni huenda hakijakatwa ndani ya faili. Mwaka 2023 iligunduliwa kasoro katika programu ya kuhariri picha iliyomo katika simu za Pixel. Mtu alipokata picha ya skrini na kuihifadhi, faili jipya liliandikwa juu ya lile la zamani bila kuukata mkia wake, mfano wa mtu aandikaye barua fupi juu ya ukurasa wa barua ndefu: mistari ya juu imefunikwa, ya chini imesalia. Mjuzi aliweza kuirudisha sehemu ya picha iliyodhaniwa imetupwa. Kasoro hiyo, iliyodumu kwa miaka, ilirekebishwa, lakini picha zilizokwisha sambazwa ni maji yaliyomwagika. Dalili moja ya kutiliwa shaka ni uzito: picha iliyobakizwa robo tu ya eneo lake, na faili likabaki zito vilevile, haijaaminika. Lililo salama zaidi ni kuihifadhi iliyokatwa kama faili jipya, kisha kuifungua hiyo hiyo na kuikagua kabla ya kuituma.

Linasalia pingamizi zito. Je, mkataji si mwongo, aonyeshaye soko tupu palipokuwa na watu? Hapa hapana budi kutenganisha makusudi. Picha ya zabibu haitoi ushahidi juu ya mama wala mtoto. Kuwaondoa hakumdanganyi mnunuzi. Lakini kama picha hiyo ingeonyesha mgambo akimwaga tenga la mchuuzi, waliosimama kando wangekuwa mashahidi, na kuwafuta kabisa kungekuwa kumsaidia mtenda. Hapo picha halisi huwekwa nzima kwa ajili ya atakayehukumu, na iliyokatwa ndiyo hutolewa kwa umma. Aliyeficha kwa ajili ya mwenziwe hubaki na cha kuonyesha akiulizwa; aliyeficha kwa ajili yake mwenyewe huharibu asili.

Kipo na kipimo kimoja kinachomfichua mkataji kuliko vyote: nani amekatwa na nani amebakizwa? Kama katika meza hiyo hiyo angalikuwapo mheshimiwa, na uso wake ukaachwa ili upambe picha bila yeye kuulizwa, huku wa mama ukiondolewa, basi kisu hakikuongozwa na heshima.